Namna ya kumwomba afisa wa ruzuku aongeze muda wa mradi bila nyongeza ya fedha, manunuzi yanapochelewa

Kila mwaka kati ya Machi na Mei napokea swali lile lile kutoka kwa waratibu wa miradi: kifaa kimefika mradi ukiwa umebakiza miezi mitatu, fedha bado zipo, kazi haijaisha, tumwandikie nini mfadhili? Mwongozo huu unajibu swali hilo peke yake. Hauhusu kuomba fedha zaidi, wala hauhusu mradi uliokwama kwa sababu nyingine. Unahusu mradi wenye fedha mkononi ambao umekosa muda kwa kuwa kitu kilichonunuliwa kilichelewa kufika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mradi wa utafiti wa sumukuvu katika mahindi, ulioendeshwa na taasisi ya umma nchini Tanzania, ambayo sitaitaja, katika vijiji vya Kongwa na Kiteto. Ruzuku ilikuwa dola 240,000 kwa miezi 36, kuanzia tarehe 1 Julai 2022 hadi tarehe 30 Juni 2025. Kifaa kilichochelewa ni mashine ya maabara ya kupima kiwango cha sumukuvu, yenye thamani ya dola 58,000. Katika mpango wa awali mashine ilipaswa kuwa maabara mwishoni mwa Machi 2024 ili itumike katika mavuno ya mwaka huo. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Februari 2025.

Kabla hujaandika neno lolote, uwe na vitu hivi mezani

- Mkataba wa ruzuku pamoja na viambatisho vyake vyote, hasa kifungu kinachohusu marekebisho ya mkataba na kile kinachohusu kuhamisha fedha kati ya mafungu ya bajeti.
- Jalada la manunuzi: ombi la ununuzi, tangazo la zabuni, taarifa ya tathmini, mkataba na mzabuni, barua zote za mzabuni, hati ya kusafirishia mzigo, nyaraka za forodha, na taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi.
- Taarifa ya fedha ya mwezi uliokwisha, iliyotolewa na mhasibu, inayoonyesha kilicholipwa na kinachodaiwa kila kimoja mahali pake.
- Mpango kazi wa awali, ule ule uliomo katika mkataba, si ule mliourekebisha wenyewe baadaye.
- Jina la mtu mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya taasisi yako. Katika taasisi za umma kwa kawaida huyu ni Afisa Masuuli au mtu aliyemkasimu, na si mtafiti mkuu.

Ikiwa jalada la manunuzi halipo kwako, liombe leo katika kitengo cha manunuzi. Katika uzoefu wangu hili ndilo linalokula siku nyingi kuliko kuandika barua yenyewe.

Hatua ya 1: Soma mkataba ujue nani anaidhinisha, na ombi lifike siku ngapi kabla

Usitegemee kumbukumbu ya mwenzako aliyewahi kuomba kwa mfadhili mwingine, kwa sababu taratibu hazifanani. Katika kanuni za jumla za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, kifungu cha 200.308, taasisi inaweza kuruhusiwa kujiongezea muda mara moja, usiozidi miezi 12, mradi itoe taarifa ya maandishi yenye sababu na tarehe mpya angalau siku 10 kabla ya mradi kwisha. Kanuni hizo hizo zinakataza kutumia nafasi hiyo kwa lengo tu la kumaliza fedha zilizobaki. Shirika la sayansi la nchi hiyo, NSF, linataka siku 45 pale ambapo nyongeza inahitaji idhini yake lenyewe. Wafadhili wengine hutaka siku 30, wengine 60 au 90, na wapo ambao hawakuandika chochote, jambo linalomaanisha kwamba unapaswa kuuliza kwa maandishi.

Tofautisha pia watu wawili. Afisa programu ndiye mnayezungumza naye kila robo mwaka kuhusu kazi, na mara nyingi ndiye anayekuelewa zaidi. Afisa wa ruzuku ndiye mwenye mamlaka ya kurekebisha mkataba. Afisa programu akikujibu kwa simu kwamba "hakuna shida, endeleeni", hiyo ni dalili njema lakini si idhini. Nimeona taasisi ikilipa mishahara ya miezi minne kwa kutegemea jibu la namna hiyo, kisha mkaguzi akaikataa gharama yote kwa kuwa hakukuwa na karatasi.

Hatua ya 2: Mjulishe mapema, kabla ya ombi rasmi

Hapa ndipo mradi wetu wa mfano ulipokosea, na inafaa nieleze kwa undani, maana kosa lenyewe halionekani kirahisi.

Mkataba na mzabuni ulisainiwa tarehe 22 Machi 2024, na ulimpa wiki 16 za kuleta mashine, yaani hadi tarehe 12 Julai 2024. Mahindi ya ukanda ule huvunwa kati ya Mei na Julai. Utafiti ulihitaji sampuli zipimwe na majibu yamrudie mkulima ndani ya wiki chache, wakati bado anaweza kukausha upya au kutenga mahindi mabaya. Kwa hiyo msimu wa 2024 ulikuwa umepotea siku ile ile mkataba uliposainiwa, kabla mzabuni hajachelewa hata siku moja. Timu haikuliona hilo. Iliendelea kuandika katika taarifa za robo mwaka kwamba "manunuzi yanaendelea vizuri", na mfadhili akaja kusikia habari ya kuchelewa mwezi Novemba, mashine ikiwa bandarini.

Barua fupi ya Machi 2024 ingetosha. Ingesema tu kwamba zabuni ya kwanza haikupata mshindi, mkataba umesainiwa sasa, mashine haitawahi mavuno ya mwaka huu, na huenda taasisi ikaomba muda uongezwe baada ya mashine kufungwa. Barua kama hiyo haiombi kitu. Kazi yake ni kumweka afisa katika hali ya kulitarajia ombi, ili litakapofika asilazimike kueleza wakubwa wake kwa nini hakujua.

Kama umeshachelewa kama wao, usijaribu kufunika. Tuma taarifa sasa, na katika ombi lako ukiri kwa sentensi moja kwamba taarifa za nyuma hazikueleza ukubwa wa ucheleweshaji. Afisa anazo taarifa zako zote za robo mwaka na atazisoma.

Hatua ya 3: Panga mfuatano wa tarehe

Chukua jalada la manunuzi na uandike tukio moja kila mstari, tarehe kwanza, kisha tukio, kisha jina la hati inayolithibitisha. Usiandike maelezo ya kusikitisha. Katika mfano wetu mfuatano ulikuwa hivi:

- 11 Septemba 2023: ombi la ununuzi lilipelekwa kitengo cha manunuzi.
- 16 Oktoba 2023: zabuni ilitangazwa katika NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa njia ya mtandao, ambao taasisi ilikuwa imehamia mwezi huo huo.
- 6 Novemba 2023: zabuni ilifungwa, hakuna mzabuni aliyekidhi sifa za kiufundi.
- 15 Januari 2024: zabuni ilitangazwa upya baada ya sifa kurekebishwa.
- 22 Machi 2024: mkataba ulisainiwa; tarehe ya kuleta mashine ni 12 Julai 2024.
- 8 Julai 2024: mzabuni aliandika kwamba kiwanda kimesogeza uzalishaji hadi Oktoba.
- 4 Novemba 2024: mzigo ulifika bandari ya Dar es Salaam.
- 13 Desemba 2024: msamaha wa kodi ulikamilika na mzigo ukatolewa.
- 17 Desemba 2024: mashine ilifika maabara, ikiwa imechelewa siku 158 kwa mujibu wa mkataba.
- 27 Januari 2025: mhandisi wa mzabuni alianza kuifunga.
- 14 Februari 2025: kamati ya ukaguzi na mapokezi iliikubali.

Ukishaupanga hivi, utaona kwamba neno "ucheleweshaji" limeficha mambo manne tofauti: zabuni iliyorudiwa, kiwanda, forodha, na ufungaji. Afisa atataka kujua lipi kati ya hayo lilikuwa nje ya uwezo wako na lipi lilikuwa lako. Sema ukweli katika yote mawili. Zabuni ya kwanza ilishindikana kwa sababu timu iliandika sifa za kiufundi kwa kunakili karatasi ya mtengenezaji mmoja, kiasi kwamba wazabuni wa chapa nyingine walikosa kwa vitu visivyohusiana na kupima sumukuvu, mfano vipimo vya sanduku la nje la mashine. Hilo ni kosa la timu. Kiwanda kusogeza uzalishaji si kosa la timu. Siku 39 za bandarini zilikuwa za pande mbili: maombi ya msamaha wa kodi yalianza kuandaliwa baada ya mzigo kufika, ilhali sehemu ya nyaraka ingeweza kuandaliwa mapema na kumsubiri wakala wa forodha.

Tahadhari: usikitupie lawama kitengo chako cha manunuzi katika barua kwa mfadhili. Barua hiyo inasainiwa na mkuu wa taasisi ile ile, na mfadhili akiona taasisi inajilaumu yenyewe atajiuliza kama ina uwezo wa kusimamia fedha zake kwa ujumla. Andika tukio, tarehe, na kilichorekebishwa.

Hatua ya 4: Hesabu muda kwa kufuata kazi iliyobaki

Waombaji wengi huhesabu siku zilizopotea na kuomba siku hizo hizo. Mashine ilichelewa siku 158, basi wanaomba miezi mitano na nusu. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, lakini haimfikishi mtu popote. Miezi mitano na nusu kutoka tarehe 30 Juni 2025 inaishia katikati ya Desemba 2025, wakati sampuli za mwisho ndiyo kwanza zinachukuliwa.

Anza na kazi ya mwisho inayotakiwa na mkataba, kisha urudi nyuma. Mradi wetu ulipaswa kupima mahindi mara tatu: wakati wa mavuno, baada ya miezi mitatu ghalani, na baada ya miezi sita. Mavuno ni Juni 2025, kwa hiyo sampuli za pili ni Septemba na za tatu ni Desemba. Vipimo vya awamu ya mwisho vinakamilika Januari 2026, uchambuzi wa takwimu ni Februari, mkutano wa wadau na taarifa ya mwisho ni Machi. Tarehe mpya ikawa 31 Machi 2026, yaani miezi tisa.

Ukiulizwa kwa nini tisa na si sita, jibu lipo katika kalenda ya mahindi. Na ukiulizwa kwa nini si kumi na miwili, jibu ni lile lile. Sishauri kuomba miezi mingi "ili iwe akiba", kwa kuwa kila mwezi wa ziada unahitaji kazi ya kuuelezea na mshahara wa kuulipia. Hata hivyo usikate hadi mfupa: mfadhili akikuongezea muda mara moja, mara ya pili huwa ngumu mno. Katika mfano wetu wiki mbili za mwisho za Machi ziliachwa wazi kwa makusudi.

Hatua ya 5: Onyesha fedha zilizobaki zinatosha, hasa mishahara

Maneno "bila nyongeza ya fedha" huwapotosha wageni wa kazi hii. Mfadhili haongezi kitu, ndiyo, lakini mradi unaoendelea miezi tisa zaidi unakula fedha miezi tisa zaidi. Fundi maabara na msaidizi wa utafiti watalipwa na nani kuanzia Julai? Ombi lisilojibu swali hilo hurudishwa, tena kwa haki.

Hadi tarehe 28 Februari 2025 mradi ulikuwa na salio la dola 88,000. Lilipangwa hivi:

- Deni la mashine, asilimia 70 iliyosubiri makabidhiano: 40,600
- Mishahara ya watu wawili, Machi 2025 hadi Machi 2026, dola 1,100 kwa mwezi: 14,300
- Kemikali na vifaa vya maabara: 13,500
- Safari tatu za kuchukua sampuli: 9,900
- Mkutano wa wadau na taarifa: 6,000
- Uendeshaji: 3,700

Katika bajeti ya awali fungu la mishahara lilikuwa limebakiwa na miezi minne tu, hadi Juni 2025. Miezi tisa ya ziada ilihitaji dola 9,900. Hizo zilipatikana sehemu mbili: mkutano wa wadau uliokuwa ufanyike hotelini kwa dola 11,500 ulihamishiwa katika ukumbi wa halmashauri kwa dola 6,000, na dola 4,400 zilizotengwa kukodi gari zikaachwa kwa kuwa taasisi ilitoa gari lake.

Ona kwamba hapo kuna maombi mawili ndani ya moja: muda uongezwe, na fedha zihame kutoka mafungu ya mkutano na usafiri kwenda mishahara. Mikataba mingi huweka kikomo cha kuhamisha fedha bila idhini, na asilimia 10 ya bajeti ni kikomo cha kawaida. Hata kama uko chini ya kikomo, taja uhamisho huo katika barua ile ile, ili baadaye mtu asije akasema muda uliidhinishwa lakini mishahara haikuidhinishwa.

Tenganisha pia kilicholipwa na kinachodaiwa. Salio la dola 88,000 katika mradi wa 240,000, miezi minne kabla ya mwisho, linaonekana kama timu imelala. Afisa akiona kwamba karibu nusu yake ni ankara ya mashine ambayo imeshapokelewa na kukaguliwa, picha inabadilika.

Hatua ya 6: Andika ombi lenyewe

Ombi lisizidi kurasa mbili, viambatisho mbali. Huenda ukaliandika kwa lugha ya mfadhili, lakini mpangilio ni ule ule. Huu hapa mwili wa barua ya mradi wetu, iliyotumwa tarehe 17 Machi 2025, siku 105 kabla ya mradi kwisha:

> Ndugu Afisa wa Ruzuku,
>
> YAH: OMBI LA KUONGEZA MUDA WA MRADI KWA MIEZI TISA BILA NYONGEZA YA FEDHA
>
> Tunaomba muda wa utekelezaji wa mradi tajwa uongezwe kutoka tarehe 30 Juni 2025 hadi tarehe 31 Machi 2026, bila fedha zaidi na bila kubadilisha malengo ya mradi.
>
> Mashine ya kupima sumukuvu, iliyopangwa kufika mwishoni mwa Machi 2024, ilikabidhiwa tarehe 14 Februari 2025. Zabuni ya kwanza haikupata mshindi kwa kuwa sifa za kiufundi tulizoandika zilikuwa finyu. Tulizirekebisha na kutangaza upya. Baadaye kiwanda kilisogeza uzalishaji, na utoaji wa mzigo bandarini ulichukua siku 39. Mfuatano wa tarehe na hati zake ni Kiambatisho A. Tunakiri kwamba taarifa zetu za robo mwaka za 2024 hazikueleza athari ya ucheleweshaji huu kwa msimu wa mavuno.
>
> Kazi zilizokamilika ni utafiti wa awali wa kaya, mafunzo ya wakulima na ujenzi wa chumba cha maabara. Kazi iliyobaki ni upimaji wa mahindi katika vipindi vitatu, Juni, Septemba na Desemba 2025, uchambuzi wa takwimu, na taarifa ya mwisho. Mpango kazi mpya ni Kiambatisho B.
>
> Salio hadi tarehe 28 Februari 2025 ni dola 88,000, ambapo dola 40,600 ni deni la mashine iliyokwisha kupokelewa. Tunaomba pia idhini ya kuhamisha dola 9,900 kutoka mafungu ya mkutano na usafiri kwenda mishahara, kama inavyoonekana katika Kiambatisho C.
>
> Mashine imefungwa, imekaguliwa na inafanya kazi. Taarifa ya kamati ya mapokezi ni Kiambatisho D. Hakuna ununuzi mwingine mkubwa uliobaki.

Sentensi ya mwisho ndiyo niipendayo zaidi katika barua hii. Hofu kubwa ya afisa ni kukupa miezi tisa kisha uje tena na kifaa kingine kilichokwama. Kama kifaa chako bado kiko njiani, huwezi kuandika hivyo. Badala yake eleza kilipo, hati gani inathibitisha, na utafanya nini kisipofika kufikia tarehe unayoitaja.

Barua isainiwe na mwenye mamlaka na itumwe kwa njia iliyotajwa katika mkataba. Mfadhili mwenye mfumo wa mtandaoni hatambui barua pepe peke yake. Nakala mpelekee afisa programu.

Hatua ya 7: Subiri kwa utaratibu, usitumie fedha kwa kubahatisha

Usiposikia kitu kwa siku 10 za kazi, uliza kwa barua pepe ya mistari miwili inayotaja namba ya ruzuku, tarehe uliyotuma, na tarehe mradi unakwisha. Wakati unasubiri, endelea na kazi zilizomo ndani ya muda wa zamani tu. Usisaini mkataba wa ajira unaovuka tarehe 30 Juni, wala usilipe kemikali za Septemba ukiwaza kwamba idhini iko njiani.

Idhini ikija, isome neno kwa neno. Angalia tarehe mpya, angalia kama uhamisho wa fedha umetajwa, na angalia tarehe mpya ya taarifa ya mwisho. Kisha ongeza muda wa vyote vinavyotegemea mkataba ule: mikataba ya ajira, makubaliano na taasisi washirika, vibali vya utafiti na vya maadili, na bima. Kibali cha utafiti kilichoisha Juni hakifufuliwi na barua ya mfadhili.

Mambo yanayokwama, na la kufanya

*Afisa anauliza kwa nini msipeleke sampuli maabara nyingine.* Ni swali zuri na ulitarajie. Jibu lako liwe na ankara kifani ya maabara nyingine, muda wao wa kutoa majibu, na sababu ya kiutafiti. Katika mfano wetu majibu yasingewahi kumrudia mkulima kwa wakati, na mkataba ulitaka uwezo wa kupima ubaki ndani ya taasisi.

*Afisa anauliza kama mzabuni alitozwa fidia ya kuchelewa.* Fungua mkataba wa mzabuni uone kifungu hicho. Kama kipo na hamkukitumia, mnahitaji sababu iliyoandikwa. Kama mlimkata, fedha hizo zionekane katika salio la mradi.

*Anakupa miezi mitatu badala ya tisa.* Usikubali kimya kimya kisha uombe tena. Mwandikie kazi ipi itakamilika ndani ya miezi mitatu na ipi itaachwa, na umwombe athibitishe kwamba malengo yanapunguzwa kwa kiwango hicho. Mara nyingi akiona upimaji wa mara moja hauna maana bila ule wa Desemba, anarudi kwenye hesabu yako.

*Anaidhinisha muda lakini hasemi lolote kuhusu kuhamisha fedha.* Ukimya si idhini. Uliza tena kwa kunukuu aya ya barua yako.

*Kifaa kimefika wiki mbili kabla ya mradi kwisha na siku za kuomba zimeshapita.* Tuma ombi hata hivyo, ueleze kwa nini limechelewa, na umpigie simu afisa siku hiyo hiyo. Wapo wanaopokea maombi yaliyochelewa ilimradi mradi haujafika tarehe yake ya mwisho. Ikishapita, wafadhili wengi hawana tena mkataba wa kurekebisha.

*Tarehe imepita na hakuna idhini.* Simamisha matumizi. Deni lililotokana na kazi au bidhaa zilizopokelewa kabla ya tarehe ya mwisho bado linaweza kulipwa katika kipindi cha kufunga mradi. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani kipindi hicho ni siku 120. Ndiyo maana ankara ya mashine iliyopokelewa Februari ingelipika hata kama muda usingeongezwa. Lakini safari ya Septemba isingelipika, kwa kuwa gharama yake ingezaliwa baada ya mradi kufa.

*Mtu anapendekeza mwandike hati ya mapokezi yenye tarehe ya nyuma ili ucheleweshaji upungue.* Mkatalie. Hati ya kusafirishia mzigo, nyaraka za forodha na kumbukumbu za NeST zina tarehe zake, na mkaguzi huzisoma pamoja.